Patenti, hakimiliki au alama ya biashara? Tuchukue jiko moja la makaa tuone

"Nataka kupatenti jina la biashara yangu." "Nataka hakimiliki ya mashine yangu." Hizi sentensi nazisikia sana nikisaidia mafundi kujaza fomu, na kila nikizisikia najua huyu mtu anakaribia kulipa pesa mahali pasipo sahihi. Jina halipatentiwi, mashine haina hakimiliki, na ile cheti ya jina la biashara uliyoitoa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen haikupi umiliki wa brandi hata kidogo, nitarudi hapo chini maana hapo ndipo watu wengi wanaumia.

Njia ninayoiona rahisi ya kuchagua ni hii: usianze na sheria, anza na jirani yako wa biashara. Jiulize, huyu jirani akifanya nini hasa ndio mimi nitapoteza wateja? Akiiga kifaa, akiiba jina, au akichukua picha na maandishi yangu? Ukijibu hilo umeshajua ofisi ya kwenda. Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo hadi mwisho, jiko la makaa, na nitakaa Kenya kwa sababu sheria hizi ni za nchi kwa nchi na nikichanganya hapa na pale tutapotezana. Tanzania nitaigusa mwishoni.

Tuseme kuna fundi pale Kamukunji, Nairobi, wale wa jua kali wanaogonga bati kutwa nzima. Ametengeneza jiko la makaa lenye udongo ndani kama yale tunayoyajua, lakini ameongeza kitu: chini ya wavu kuna pete ya bati inayozunguka. Ukiizungusha kidogo inaziba hewa, moto unapungua, makaa hayaishi haraka. Ukiizungusha hadi mwisho matundu yanalingana na majivu yanadondoka kwenye trei bila kuinua sufuria. Jiko amelipa jina Chiriku, amechorewa kandege kwa stika, ana kijitabu cha kurasa nane cha kumfundisha mteja, ana picha na video za mapishi, ana mchanganyiko wake wa udongo usiopasuka haraka, na ana mpango wa kuuzia vyama vya akina mama kwa malipo ya wiki. Biashara ndogo tu lakini angalia mali zilizomo ndani, karibu kila moja ina kinga yake na nyingine haina kabisa.

Nitaweka kwanza kwa jedwali halafu tuzungumze.

| Mali | Jirani akifanya hivi | Kinga |
|---|---|---|
| Pete inayozunguka | anatengeneza jiko lenye pete ileile, jina lake mwenyewe | patenti, au modeli ya matumizi |
| Jina Chiriku na kandege | anabandika Chiriku kwa jiko lake la kawaida | alama ya biashara |
| Kijitabu, picha, video | anazinakili na kuzitumia kwa ukurasa wake | hakimiliki |
| Umbo na mapambo ya nje | jiko linafanana kwa macho, ndani ni tofauti | usajili wa muundo wa viwandani |
| Mchanganyiko wa udongo | anajaribu kuujua | siri, usiuandike popote pa umma |
| Mpango wa malipo ya wiki | anauza kwa mpango uleule | hakuna |

Hiyo mstari wa mwisho inawaumiza watu roho. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inasema wazi kwamba mipango na njia za kufanya biashara hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Kwa hiyo wazo la kuuza kwa chama, kwa wiki, kwa kulipa kidogo kidogo na simu, hilo jirani akilichukua leo hii huna kesi, labda kama alikuwa mfanyakazi wako na alisaini mkataba wa kutunza siri. Usimpe mtu pesa akuandikie patenti ya "modeli ya biashara".

Sasa pete. Patenti inataka vitu vitatu: kitu kiwe kipya duniani, sio kipya Kamukunji tu, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi mwingine wa kawaida asingeifikia hivi hivi, na kiwe kinaweza kutengenezwa au kutumika katika kazi yoyote ya uzalishaji. "Kipya duniani" ndio inayowaangusha wengi. Lile jiko la bati lenye udongo ndani na kiuno katikati lilienea Kenya miaka ya 1980, wazo lake lilichukuliwa kwa sehemu kutoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand, na halikupatentiwa, ndio maana mafundi wa kila mji walilitengeneza bila kumuuliza mtu na likafika mpaka nchi jirani. Kwa hiyo fundi wetu akienda KIPI, ile taasisi ya mali ya viwandani, akaomba patenti ya "jiko la bati lenye udongo linalookoa makaa" atarudishwa, hilo ni la watu wote tayari. Kilicho chake ni ile pete tu, na ombi lake lazima liishike pete.

Hapa kuna kitu watu hawakiangalii, nacho ni madai. Ombi la patenti lina maelezo, michoro, muhtasari, na madai, na kinachokulinda hasa ni madai, hayo mengine ni ya kuyaeleza tu. Akiandika dai lake hivi: "jiko lenye pete ya bati ya geji 22 yenye matundu 12", jirani atatoboa matundu 11 kwa bati nzito zaidi na amemkwepa. Akiandika "jiko lenye njia ya kupunguza hewa", mkaguzi atamwambia kila jiko lina kamlango ka hewa tangu zamani, limekataliwa. La maana liko katikati, kitu kama hiki:

"Jiko la makaa lenye wavu na pete inayozunguka chini ya wavu huo, pete hiyo ikiwa na matundu yaliyopangwa hivi kwamba katika nafasi ya kwanza inapunguza hewa inayofika kwa makaa, na katika nafasi ya pili inaachia majivu kudondoka chini."

Halafu dai la pili na la tatu linaongeza vitu vidogo, pete ni ya bati, pete ina mpini uliofunikwa mbao, ili la kwanza likianguka bado ana pa kushikilia. Hii ndio kazi ya wakala wa patenti na ndio maana analipwa, mwenye ombi akiwa mkaazi wa Kenya anaruhusiwa kujiandikia mwenyewe lakini madai yakiandikwa vibaya cheti chako kinakuwa pambo la ukutani. Kabla ya kumlipa mtu yeyote ingia Espacenet, ile tovuti ya kutafuta patenti za dunia nzima, ni bure, tafuta majiko ya makaa yenye kidhibiti hewa kinachozunguka, angalia michoro hata kama lugha huielewi, mchoro haudanganyi. Ukikuta pete kama yako ya mtu wa India au China hata ya miaka 40 iliyopita umeokoa pesa, usiombe patenti.

Kitu kingine ni kuonyesha. Fundi akipost video ya pete ikizunguka TikTok, au akaipeleka maonyesho ya kilimo na biashara pale Jamhuri Park watu wakaiona wazi, upya umeanza kuvuja. Kenya sheria ina huruma, ulichokionyesha mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe ya ombi hakihesabiwi dhidi yako. Lakini usiitegemee hiyo kama unafikiria kuuza nje maana Ulaya haina huruma hiyo, umeshaonyesha umeshaonyesha. Omba kwanza, upate tarehe ya kupokelewa, halafu ndio upige video. Kutoka tarehe hiyo pia una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza.

Baada ya kuomba sio kwamba kesho una cheti. Ombi linachapishwa baada ya miezi 18, yaani siri yako inakuwa wazi kwa kila mtu, na ndani ya miaka 3 tangu kuomba lazima uombe na ulipie ukaguzi wenyewe wa kina, hii sio ya kujiendea yenyewe, usipoomba ombi linahesabiwa limeachwa. Ukikubaliwa unapata miaka 20 kuanzia tarehe ya ombi na kuna ada ya kila mwaka ya kuitunza. Watu wanalipa mwanzoni wanasahau ada ya kila mwaka, patenti inakufa, jirani anacheka.

Kwa hiyo kwa pete ya jiko mimi ningemwambia fundi afikirie modeli ya matumizi. Ni kama ndugu mdogo wa patenti, inasajiliwa pale pale KIPI, inataka upya na matumizi lakini haidai ile hatua kubwa ya ubunifu, gharama yake ni ya chini, na inadumu miaka 10 bila kuongezwa. Kwa kifaa cha bati ambacho miaka 10 ijayo utakuwa umeshakibadilisha mara kadhaa, miaka 20 ya kulipia ni ya nini? Vitu vingi vya jua kali ni maboresho ya kitu kilichopo, na maboresho ndio nyumbani kwa modeli ya matumizi. Patenti kamili ningeiweka kwa mtu ambaye uvumbuzi wake ni mkubwa kweli, anataka mwekezaji au kiwanda kikubwa kikodishe haki, na ana nguvu ya kwenda kortini, kwa sababu patenti haijilindi, ni wewe utakayemfuata aliyeiga na kulipa wakili.

Udongo je? Mchanganyiko nao ungeweza kuombewa patenti kama ni mpya, lakini hebu fikiria: jirani akinunua jiko akalivunja, atajua pete inavyofanya kazi ndani ya dakika moja. Akiuvunja udongo ataona udongo, hatajua umechanganya nini, kiasi gani, umechoma kwa joto gani muda gani. Basi pete iombee kinga maana haifichiki, udongo ufiche maana unafichika, ukiuweka kwa ombi la patenti unauchapisha mwenyewe baada ya miezi 18. Siri haina cheti wala mwisho, ila inataka nidhamu: anayechanganya awe mmoja au wawili, wamesaini karatasi, na vipimo visikae kwa grupu la WhatsApp la wafanyakazi.

Sasa alama ya biashara, na kwa maoni yangu hii ndio ya kwanza kwa biashara nyingi ndogo kabla hata ya kuwaza patenti. Jirani wa pili haigi kitu, ana jiko lake la kawaida la bei rahisi, anabandika stika ya Chiriku. Mteja anapeleka nyumbani, linapasuka wiki ya pili, anaenda Facebook kukutukana wewe. Patenti yako ya pete haikusaidii hapa, jiko lake halina pete! Kinachokusaidia ni usajili wa jina.

Na hapa ndio narudi kwa ile cheti. Ukisajili jina la biashara au kampuni kupitia BRS, ile huduma ya usajili wa biashara, umejulisha serikali nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Haikupi haki ya kumzuia mwingine kuliweka kwa bidhaa. Domeni ya .co.ke vilevile, kurasa ya Instagram vilevile. Haki ya kumzuia mtu inatoka KIPI chini ya Sheria ya Alama za Biashara. Ni kweli kwamba hata bila kusajili unaweza kumshtaki mtu anayejifanya wewe, lakini hapo utabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba wateja wanakujua kwa jina hilo, kwamba wamedanganyika na kwamba umepata hasara, wakati mwenye cheti anaanza na cheti mkononi.

Alama inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, yapo 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Majiko yako daraja la 11, vifaa vya kupasha moto na kupikia. Makaa yenyewe au yale makaa ya kufinyanga ni daraja la 4, sufuria ni 21, duka la kuuza vitu ni 35. Fundi wetu akisajili Chiriku daraja la 21 kwa sababu aliona neno "vya jikoni" akadhani ndio lenyewe, majiko yake hayajalindwa vizuri, na hili kosa ni rahisi sana kulifanya. Na asilipie madaraja sita kwa tamaa, kila daraja lina ada yake na alama isiyotumiwa kwa bidhaa husika miaka 5 inaweza kuombewa iondolewe. Alipie 11, na kama mwaka huu kweli anaanza kuuza makaa ya kufinyanga aongeze 4.

Jina lenyewe nalo. Chiriku kwa jiko ni zuri kwa sababu ndege hana uhusiano na moto, hakuna muuza majiko anayehitaji neno hilo kuelezea bidhaa yake. Jiko Bora, Okoa Makaa, Moto Haraka, haya yanaelezea tu jiko linafanya nini, na mkaguzi wa KIPI anajua Kiswahili kama wewe, usidhani kuandika kwa Kiswahili kunaficha maana. Majina ya ukoo ya kawaida na majina ya miji nayo ni magumu. Watu wanapenda majina ya kuelezea kwa sababu mteja anaelewa haraka, lakini ndio majina dhaifu kuyalinda, hata ukiponea chupuchupu ukasajili logo yenye maneno hayo utaandikiwa kwamba huna haki ya peke yako juu ya neno "jiko" au "bora".

Ukitaka kujua neno la watu wote linavyokataa kumilikiwa, kumbuka kikoi. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kule kwao kusajili neno KIKOY liwe alama yake ya biashara, wafanyabiashara wa Kenya wakapinga kwa msaada wa shirika la Traidcraft, na ombi halikufika popote. Walipinga kwa wakati, katika kile kipindi cha kupinga, ndio maana ilikuwa rahisi kuliko kuifuta alama iliyokwisha kusajiliwa.

Hatua zenyewe Kenya sio nyingi. Unaanza na upekuzi KIPI kuona kama kuna jina linalofanana, na kufanana ni kwa macho, kwa sikio na kwa maana, kwa hiyo Chiliku au Tchiriku daraja la 11 ingekuwa shida hata kama herufi sio zilezile. Halafu ombi, mkaguzi analipitia, likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la KIPI na watu wana siku 60 za kupinga. Zikipita kimya unalipia usajili unapata cheti, miaka 10 tangu tarehe ya ombi, na hii unaihuisha kila miaka 10 mpaka uchoke, haina mwisho, tofauti na patenti. Kama una pesa ya ombi moja tu sajili neno Chiriku kwa herufi za kawaida bila mchoro, kwa sababu kandege utakabadilisha mwaka ujao ukipata mchoraji mzuri zaidi lakini jina utabaki nalo. Na usibandike ile alama ya R kwa duara kabla ya cheti, kudanganya kwamba alama imesajiliwa ni kosa kisheria, tumia TM ukitaka kuonyesha unaidai.

Hakimiliki sasa, hii fupi kidogo kwa sababu yenyewe ni ya rahisi kupata, inakuja bure. Kijitabu kikishaandikwa, picha ikishapigwa, video ikisharekodiwa, haki imeshazaliwa hapo hapo, huhitaji ofisi. Inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, picha ni miaka 50. KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, wanasajili kazi mtandaoni na ni vizuri kufanya hivyo maana cheti inasaidia kuonyesha nani alidai kwanza, lakini kutokusajili hakukunyimi haki, sheria yenyewe imesema. Programu ya kompyuta pia inaingia hapa kama kazi ya maandishi, kwa hiyo fundi akitengenezewa ka app ka kufuatilia malipo ya wiki, maandishi ya programu hiyo yana hakimiliki, wazo la malipo ya wiki halina.

Na huo ndio mpaka wake. Hakimiliki inalinda namna ulivyolisema jambo, hailindi jambo lenyewe. Jirani wa tatu akinakili kurasa zako nane akabadilisha jina tu, umemkamata. Akisoma kijitabu chako akaelewa jiko, akaenda akatengeneza jiko, akaandika kijitabu chake kwa maneno yake, hakimiliki haimgusi. Watu wanajitumia barua kwa posta wakiwa wameandika uvumbuzi ndani, wanaiacha bila kufungua wakidhani wamepata patenti ya bei nafuu. Barua ile inaweza kuonyesha uliandika lini, basi, hailindi pete hata siku moja.

Kuna na shimo lingine hapa. Unaweza kusema, mimi nimechora umbo la jiko kwa karatasi, mchoro ni kazi ya sanaa, basi umbo langu lina hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya imeziba hilo, kazi ya sanaa iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa kielelezo cha kuzalishwa kwa wingi viwandani haistahili hakimiliki. Umbo la nje la kupendeza linaenda KIPI kama muundo wa viwandani, miaka 5, unaihuisha mara mbili, jumla 15. Na huo muundo unalinda sura tu, sio kazi.

Kandege kwenye stika ndiko hakimiliki na alama ya biashara zinakutana, mchoro mmoja una kinga zote mbili kwa wakati mmoja, na hapo swali ni nani mwenye mchoro. Ukimlipa mchoraji akuchoree, sheria ya Kenya inachukulia haki imehamia kwako uliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Vizuri, lakini mwambie aandike hata ukurasa mmoja, asaini, na aseme kwamba amechora mwenyewe hakuchukua kwenye template ya mtandaoni. Hii ya template ni kubwa siku hizi, kandege kakiwa kametoka kwa mtandao wa picha za bure kuna biashara nyingine mia zina kandege hako hako, na huwezi kumzuia mtu asitumie kitu ambacho si chako. Omba faili la asili la mchoro pia, sio picha ya JPEG tu, ndio ushahidi mzuri wa kazi ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo fundi wetu akiwa na pesa kidogo, mimi ningempanga hivi. Wiki hii asitoe video inayoonyesha pete kwa karibu. Afanye upekuzi wa jina na aombe Chiriku daraja la 11, kwa sababu siku atakapoanza kuuza vizuri jina ndilo litakaloibwa kwanza, ni kazi ya dakika kubandika stika. Wakati huohuo atafute Espacenet, pete ikiwa bado mpya aombe modeli ya matumizi, akishapata tarehe ndio video ziende. Hakimiliki hailipii sasa, ila afungue folda moja aweke kila kitu chenye tarehe: faili za asili za picha, rasimu za kijitabu, risiti ya mchoraji na ile karatasi yake. Umbo la nje aliache kama ni lilelile la kiuno la miaka yote, hakuna cha kusajili. Udongo akae nao kimya.

Ningebadilisha mpangilio kama ingekuwa biashara ya aina nyingine. Mwandishi wa mafunzo ya mtandaoni hana cha kupeleka patenti, mali yake karibu yote ni hakimiliki na jina. Mtu wa kutengeneza mashine ya kubangua korosho anayeuzia viwanda vitatu tu, jina lake sio hoja sana, wateja wanamjua kwa sura, yeye pete yake ndio kila kitu, aanze na patenti au modeli.

Mwisho ni mipaka ya nchi. Cheti cha KIPI kinaishia Namanga. Jiko likivuka kwenda Arusha, Chiriku huko haijasajiliwa, na mtu wa huko akitangulia kuisajili wewe ndiye utakayeonekana mwigaji. Kenya na Rwanda zimo kwenye mfumo wa Madrid, kwa hiyo kutoka Nairobi unaweza kufika Kigali kwa ombi moja la alama. Tanzania Bara unaenda BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara, moja kwa moja, huko usajili wa kwanza ni miaka 7 halafu unahuisha kwa miaka 10, na Zanzibar ina ofisi yake na sheria yake, BPRA, cheti cha BRELA hakivuki bahari. Kwa patenti kuna ARIPO, shirika la mali ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, ombi moja linaweza kutaja Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda pamoja. Hakimiliki ndio pekee inayosafiri bila viza, nchi hizi zote zimo kwenye mkataba wa Berne, kijitabu kilichoandikwa Kamukunji kina haki yake Mwanza na Kampala siku hiyohiyo. Kama mzigo wa kwanza wa majiko unaenda Arusha mwezi ujao, ombi la BRELA litangulie lori.